Mstari wa Mia Mbili na Tisa

Mkuu wetu wa maabara tulimwita Bwana Mkato. Hakuna kazi aliyoikuta ndefu asiitafutie njia ya mkato, na hakuna mkato aliopita asijisifu kana kwamba ameuchonga mwenyewe kwa panga. Kwa sura alikuwa mtu wa heshima zake, shati limepigwa pasi hadi mikononi, kalamu mbili mfukoni. Sikumbuki kuona hata moja ikitoka humo kuandika.

Maabara yetu inapima mbegu. Mkulima anayezalisha mbegu za kuuza analeta sampuli, sisi tunazihesabu mia nne, tunazipanga kwenye sahani nne za mchanga, mia mia, tunaziingiza kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, kisha tunasubiri siku saba. Siku ya saba nakaa na kibano changu na kuhesabu mche mmoja mmoja: huu mzima, huu una kasoro, hii mbegu imekufa. Fungu likifikisha wastani wa miche mizima themanini na tano kwa mia, linapata cheti na kwenda madukani. Lisipofika, halipati. Kazi ndiyo hiyo. Nimeifanya miaka kumi na saba, na mgongo wangu ni shahidi.

Msimu ule tulikuwa na mafungu hamsini na mawili ya mahindi. Namba zote niliziingiza mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta, kila sahani mstari wake. Kwa kawaida kinachofuata ni siku mbili za kuandaa ripoti: mimi nakokotoa, na Shemeji anahakiki. Shemeji ni mtunza takwimu wetu. Amemwoa mdogo wangu, kwa hiyo kazini tunatukanana kwa haki ya utani, na nyumbani tunaheshimiana.

Wiki hiyo Bwana Mkato alirudi kutoka semina ya siku tatu. Alirudi na begi la turubai lenye nembo, cheti chenye jina lake, na programu mpya kwenye simu, ile ya akili bandia unayoiandikia swali nayo inakujibu kama mtu.

"Siku mbili za nini?" alituuliza, amesimama mlangoni. Ndani hakuwa akiingia. Alichukia mchanga kwenye viatu. "Nitumieni jedwali. Dunia imeshatoka huko mliko."

Nikamtumia. Kabla chai haijapoa alirudi na kurasa tatu alizochapisha, bado zina joto la mashine.

"Dakika nne," alisema. "Mistari yote. Someni wenyewe hapo juu."

Hapo juu palikuwa pameandikwa: *Nimechambua kwa makini mistari yote ya jedwali lako. Haya ni matokeo sahihi ya mafungu 52.* Chini yake orodha iliyonyooka, fungu na asilimia yake, na mwishoni mapendekezo kwa herufi nzito. Fungu la 47 lilisifiwa kuwa bora kuliko yote, asilimia 94. Fungu la 31 lilipewa asilimia 68, na ushauri kwamba lisiuzwe kama mbegu, liende kusagwa chakula cha mifugo.

Macho yangu yalisimama kwenye fungu la 31. Nalikumbuka kwa sababu ya aibu. Siku ya kuhesabu, mlango wa chumba cha joto ulinigonga kiwiko, sahani ya tatu ikanitoka mkononi, na mchanga na miche vikamwagika sakafuni. Kisanduku cha sahani ile kwenye jedwali nilikiacha wazi, nikaandika pembeni: *imepinduka, tazama chini.* Nikapanda mbegu nyingine mia za fungu lilelile, na matokeo yake baada ya siku saba nikayaweka mstari wa mwisho kabisa, wa mia mbili na tisa. Sahani nyingine zote zilikuwa na miche ya kupendeza. Sitini na nane haikuingia akilini.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujivunia. Nilinyamaza.

Nilimtazama yule bwana akizipepea zile kurasa kama mtu anayejipunga joto, nikajiambia: acha. Mwache aanguke, na aanguke mbele ya watu. Nilikuwa nimechoka kumshika mkono mtu mzima kila anapokaribia shimo. Shemeji alinyoosha mkono azione kurasa, Bwana Mkato akamwambia, "Wewe kazi yako imefanywa, pumzika." Shemeji akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake. Nilijua kicheko kile. Naye alikuwa anangoja.

Mchana barua zilichapwa na kutumwa kwa wakulima. Bwana Mkato alizisaini zote kwa kalamu ya kuazima.

Siku ya tano, asubuhi, nilimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la ukumbini, ndoo ndogo yenye mfuniko katikati ya miguu yake. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mjane wa umri kama wangu, na tangu mumewe afariki alikuwa analima mbegu peke yake. Wenzake walimwita Mama Chagua, kwa namna alivyokuwa akichambua punje kabla ya kuleta sampuli. Mikononi alikuwa na barua yetu, imekunjwa mara nne.

"Dada," alisema, "mimi ndiye fungu la thelathini na moja."

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Safari si kitu. Nimekuja mnieleze hii." Akafungua ndoo. Ndani palikuwa na gunia lililoloweshwa na kuviringishwa. Alilifunua taratibu juu ya benchi. Mbegu zilikuwa zimepangwa safu kumi, kila safu kumi, na karibu zote zimetoa miche myeupe, mizizi imeshika nyuzi za gunia. "Nilizibakiza mbegu za fungu hilohilo. Nikaotesha mia moja kabla barua haijafika, kama nifanyavyo kila msimu. Zimeota tisini na moja. Nimehesabu mara tatu, na binti yangu akahesabu. Nyie mmehesabu mara ngapi?"

Nikamwambia anisubiri, nikaenda kwa Shemeji.

"Umeanguka wewe au ameanguka yeye?" aliniuliza alipoona uso wangu.

"Acha utani. Fungua jedwali. Fungu la thelathini na moja."

Akafungua. Tisini na moja, themanini na tisa, wazi, tisini na mbili. Akashuka mpaka chini: mstari wa mwisho, fungu la 31, marudio, themanini na nane. Akajumlisha sahani nne kwa fomula. Mia tatu na sitini. Gawanya kwa nne, tisini kamili.

"Fungu limefaulu vizuri," alisema. "Ile sitini na nane programu ya mkuu imeitoa wapi?"

Nilichukua karatasi. Tisini na moja, themanini na tisa na tisini na mbili ni mia mbili sabini na mbili. Nikagawanya kwa nne. Sitini na nane.

"Kisanduku kitupu amekifanya sifuri," nilisema. "Kwake, sahani iliyomwagika ni sahani ambayo mbegu zake zote zimekufa. Na mstari wa marudio hakuuona kabisa."

"Anasema ameona mistari yote."

"Wewe nawe unamwamini mtu kwa kuwa amesema?"

Shemeji alikuna kidevu. Kisha akafanya jambo ambalo tungelifanya siku ile ya kwanza. Aliweka kwenye jedwali safu mpya ya wastani wa kila fungu kwa fomula, halafu pembeni akaandika namba za zile kurasa tatu, moja baada ya nyingine, kisha akatoa hizi kwenye zile. Palipo sawa patatoka sifuri. Sikuhitaji miwani. Mwanzoni sifuri zilikuwa nyingi, zimejaa tele, kiasi kwamba mtu angekagua mafungu matano ya juu angefunga kompyuta akaenda zake ametulia. Katika mafungu thelathini na nane ya mwanzo, ishirini na tisa yalikuwa sawasawa. Mengine yalipotoka kidogo, hapa moja, pale tatu. Fungu la 31 ndilo lililopotoka sana.

Kuanzia fungu la 39 hali ilibadilika. Hapo namba zilikuwa kama za mtu aliyeota ndoto. Kati ya mafungu kumi na manne, mawili tu yalilingana na jedwali. Fungu la 47, lile bora kuliko yote, nililihesabu mwenyewe: sabini na nne, sabini na moja, sabini na nane, sabini na tatu. Wastani sabini na nne. Miche mingi ilikuwa na kasoro, imejikunja, mingine haina mzizi.

"Tisini na nne haipo popote," Shemeji alisema. "Nimejumlisha huku na kule. Hakuna hesabu inayoizaa."

"Twende kwa mwenyewe," nilisema.

Bwana Mkato alikuwa ofisini anapanga slaidi za kuwaonyesha wakubwa namna maabara yake ilivyookoa siku mbili. Nilimwekea karatasi mezani. Aliisoma kwa shingo iliyonyooka, kama mtu anayesoma barua ya jirani.

"Ninyi mmekosea fomula," alisema.

"Hesabu kwa kidole, mkuu. Ni sahani nne tu."

Hakuhesabu. Alitoa simu. "Tumuulize mwenyewe." Akaandika: *Fungu la 31 una uhakika ni 68?*

Jibu lilikuja mara moja, na heshima zake zote: *Uko sahihi kuhoji, na samahani kwa mkanganyiko. Baada ya kukokotoa upya kwa umakini, wastani sahihi wa fungu la 31 ni 71.*

"Umeona," alisema Bwana Mkato. "Anajirekebisha."

"Kutoka kosa moja kwenda lingine," Shemeji alisema. "Mkuu, niruhusu niulize mimi." Akaichukua simu kwa adabu, kwa mikono miwili, akaandika: *Mstari wa mwisho wa jedwali nililokupa unasema nini?*

*Mstari wa mwisho ni fungu la 52, sahani ya 4, miche mizima 93.*

Mimi na Shemeji hatukutazamana. Tungetazamana tungecheka, na ukumbini palikuwa na mtu ambaye hakuwa na la kuchekea. Mstari wa mwisho ulikuwa wa fungu la 31. Na sahani ya nne ya fungu la 52 ilikuwa na themanini na sita.

Shemeji akauliza tena: wastani wa mafungu yote ni ngapi? Akajibiwa 87.3. Akafungua mazungumzo mapya, akabandika maandishi yaleyale, akauliza vilevile. 88.1. Mara ya tatu, 86.9. Kila mara jibu lilikuja na maneno "kwa usahihi". Jedwali letu lilisema 85.6, na ungeliuliza mpaka kesho lingesema hivyohivyo.

Kisha akayarudia mazungumzo ya kwanza, akapandisha juu mpaka pale Bwana Mkato alipobandika jedwali. Akashuka nalo polepole kwa kidole gumba. Mistari ilishuka, ikashuka, ikakoma. Fungu la 38, sahani ya nne. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Sehemu ya kuandikia ina kikomo," alisema. "Imekata. Umebandika mistari mia mbili na tisa, imeingia mia moja hamsini na miwili. Halafu chini ukamwandikia, nipe matokeo ya mafungu hamsini na mawili. Ulimwambia ni hamsini na mawili, akakupa hamsini na mawili."

"Angesema kwamba hayapo."

"Angesema, ndiyo. Lakini hakusema. Programu hii, kwa namna ulivyoitumia, haikukaa ikajumlisha. Imeandika maneno yanayofanana na jibu. Zipo zinazoandika fomula na kuiendesha kweli, na hesabu yao unaweza kuifungua ukaiona. Hata hizo zinakaguliwa. Hii haikuendesha chochote. Ilikuwa inaongea tu."

Bwana Mkato aliitazama simu yake kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mbele ya wageni. Neno lililotoka lilikuwa hili: "Basi mtandao ulikuwa mbaya siku ile."

Nimewahi kuwadharau watu maishani, ila dharau niliyoisikia wakati ule ilikuwa na ladha yake, kama kutafuna sabuni. Mtu amewekwa mbele ya kosa lake, limevuliwa nguo, limesimamishwa katikati ya chumba, naye anatafuta shuka la kulifunika. Na lile roboti lake, angalau, liliomba samahani. Uongo, lakini liliomba.

"Mkuu," nilisema, "fungu la arobaini na saba liko wapi sasa hivi?"

Hapo ndipo alipobadilika rangi. Fungu la 47 lilikuwa linapakiwa. Cheti kilishatoka. Shemeji alikwishatoka mbio kabla sijamaliza swali. Nilimwona kwa dirisha akikatiza uwanja kwenda stoo, tai yake begani. Alilikuta lori limejaa nusu, wapakizi wamekalia magunia wanakunywa maji. Akawaambia washushe. Walimtukana, na haki yao, lakini walishusha.

Mimi nilirudi ukumbini na barua mpya mkononi, iliyosainiwa, yenye asilimia tisini. Mama Chagua aliisoma yote, hadi tarehe. Kisha akaikunja na kuiingiza ndani ya ndoo, chini ya gunia.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

Nikamweleza. Sahani iliyopinduka, kisanduku kitupu, programu ya simu, jedwali lililokatwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilieleza vizuri, nilimchora Bwana Mkato na begi lake la semina na shati lake, nikaona hata tabasamu limempita mdomoni.

"Kwa hiyo yeye alisoma karatasi akaamini," alisema.

"Aliamini, mama. Kwa kuwa imeandikwa kwa herufi nzito."

"Na wewe uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Lakini yule mama alikuwa ametembea na ndoo ya mbegu mia alizootesha, amehesabu mara tatu, na mtu wa namna hiyo humdanganyi huku umesimama.

"Hapana," nilisema. "Niliona kuna kasoro. Nilikumbuka ile sahani."

"Lini?"

"Siku ileile."

Alinyanyuka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Aliniangalia kwa namna ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwangalia Bwana Mkato nusu saa iliyopita. Niliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua nguo yake imevaliwa na mwingine.

"Siku tatu sijalala," alisema. "Nimeshawaambia watu waje wachukue mahindi kwa bei ya chakula cha kuku. Kama barabara isingekuwa na tope wangekuwa wamechukua jana." Akafunga mfuniko wa ndoo. "Yule bwana wako hajui. Mashine yake nayo haijui. Hao nawasamehe. Wewe ulijua, dada."

Akaaga vizuri tu, akanishukuru kwa barua, akaondoka.

Mwisho wa mwezi wakubwa walifika. Bwana Mkato aliwaonyesha slaidi zake. Alikuwa ameongeza moja mpya yenye kichwa "Uhakiki wa Matokeo ya Akili Bandia": hesabu mistari iliyoingia, uliza mstari wa mwisho, uliza swali moja mara tatu, linganisha na fomula, na si mafungu ya juu tu. Maneno ya Shemeji yote, hadi mpangilio. Walimpigia makofi. Mmoja akasema maabara nyingine zije zijifunze kwake. Shemeji aliniinamia sikioni: "Shemeji, angalau amenakili sawasawa safari hii, hakuna mstari uliokatwa." Nilicheka, ila si sana.

Naye hakufukuzwa wala kukaripiwa. Baada ya miezi minne alipandishwa cheo, akahamishiwa makao makuu, ambako nasikia anashauri. Mkulima wa fungu la 47, aliyeambiwa kwa barua kwamba mbegu zake ni bora kuliko zote, ilibidi aambiwe kwa barua nyingine kwamba hazifai. Alikuja kupiga kelele maabara siku mbili mfululizo, na aliyesimama mbele yake akapigiwa kelele ni mimi, kwa kuwa mkuu alikuwa na kikao.

Siku hizi tunatumia programu ya namna hiyo pia, iliyo bora kuliko ile. Shemeji huiagiza iandike fomula, siyo jibu. Fomula tunaisoma, tunaiendesha sisi kwenye jedwali letu, kisha kila mmoja anachagua mafungu sita bila kumwambia mwenzake na kuyahesabu kwa kalamu. Visanduku vitupu tunaviandika neno, hatuviachi wazi. Kazi ya siku mbili imekuwa ya nusu siku. Sikatai kwamba inasaidia. Nakataa kuinyamazia.

Mama Chagua bado analeta mbegu zake kila msimu, nazo bado ni nzuri. Anafika mapema, anasalimia kila mtu, mimi nikiwemo, anauliza hali ya watoto. Halafu anapita mbele ya meza yangu na mfuko wake wa sampuli, anakwenda kuukabidhi kwa Shemeji.